Bei ya Kumzima Kiungo Mchezeshaji

Timu kubwa inapofungwa na kiungo wake mchezeshaji hakuonekana, mabishano ya mashabiki huenda pande mbili. Wapo wanaosema jamaa siku hiyo hakuwa mchezoni, na wapo wanaosema alikabwa vizuri. Kisha hufuata ushauri ambao kila mtu anaujua: mpe mtu wake, amfuate popote, na timu yote itakufa. Ushauri huo una ushahidi. Tarehe 10 Machi 2010, Manchester United iliifunga AC Milan mabao 4-0 kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya huku Park Ji-sung akiwa mgongoni mwa Andrea Pirlo. Lakini tarehe 28 Juni 2012, mjini Warszawa, Ujerumani ilimkabidhi Toni Kroos jukumu la kumbana Pirlo yuleyule, akiwa na jezi ya Italia, ikafungwa 2-1 na kuaga Euro katika nusu fainali.

Mchezaji ni mmoja, dawa ni moja, matokeo yamepishana kabisa. Ili kuelewa sababu, inabidi kwanza tuone mchezeshaji huyu wa chini anaipa nini timu yake, halafu tupime njia ambazo wapinzani hutumia na gharama ya kila njia. Pirlo anatufaa kwa sababu njia karibu zote zilijaribiwa kwake ndani ya miaka michache, kwenye mechi ambazo wengi waliziona.

Anafanya nini pale mbele ya mabeki

Pirlo hakuzaliwa katika nafasi ile. Alikua akiwa namba kumi, na Inter hakupata nafasi ya kudumu. Mwanzoni mwa 2001 alikwenda Brescia kwa mkopo, akakuta namba kumi ni Roberto Baggio, ambaye hakuna kocha angemweka benchi ili kumpisha kijana. Kocha Carlo Mazzone akamrudisha Pirlo nyuma, mbele kidogo ya mabeki. Tarehe 1 Aprili mwaka huo, dhidi ya Juventus, alipiga pasi ndefu ya juu iliyowapita mabeki, Baggio akaituliza kwa mguso uliompita kipa Van der Sar na kufunga. Baadaye Milan, Carlo Ancelotti akaifanya nafasi hiyo kuwa makazi yake.

Faida ya kushuka ni rahisi kuieleza. Namba kumi hupokea mpira akiwa ameipa goli mgongo, katikati ya viungo na mabeki wa wapinzani, na ana nusu sekunde ya kuamua. Ukimsogeza mita 25 nyuma, anapokea akiwa ameelekea goli la adui, uwanja wote uko mbele ya macho yake, na anayeweza kumfikia haraka ni mshambuliaji, mtu ambaye mara nyingi hapendi kukaba. Miguu yake haihitaji mbio. Inahitaji mguso wa kwanza uliotulia, shingo inayogeuka kuangalia nyuma kabla mpira haujafika, na pasi ya mita 40 inayotua inapotakiwa.

Watu wengi huona ile pasi ndefu tu na kuikosa kazi kubwa zaidi, ambayo ni kupanga kasi. Wapinzani wakiwa wamesogea upande wa kushoto, mchezeshaji mzuri anaweza kuurudisha mpira kushotoni mara mbili tatu, pasi ambazo jukwaani zinaonekana hazina maana, ili kuwaweka pale mpaka beki wake wa kulia apande. Hapo ndipo anaugeuza mchezo. Na pale timu yake inapokuwa imetawanyika, anaushika mpira kidogo, anapunguza mwendo, kila mtu anarudi mahali pake. Pasi fupi ya nyuma nayo ni uamuzi.

Udhaifu wa nafasi hiyo uko hapohapo ilipo nguvu yake. Mpira ukipotea pale, kati ya adui na goli wamebaki mabeki wa kati wawili na kipa. Isitoshe, wachezaji wa aina hii mara nyingi hawana kasi ya kumkimbilia aliyewanyang'anya. Ndiyo maana Ancelotti alimweka Gennaro Gattuso ubavuni mwa Pirlo, na Antonio Conte wa Juventus akamweka kati ya Arturo Vidal na Claudio Marchisio, watu wenye mapafu. Mashabiki wetu huwa tunawaita wote wanaovaa sita viungo wakabaji, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia: tunamlaumu mchezeshaji kwa kutokaba, wakati kocha ameshawapa wengine kazi hiyo kwa niaba yake.

Njia ya kwanza: kumpa mtu wake

Usiku ule wa Old Trafford, Alex Ferguson hakumtuma beki wala mbabe wa kukata miguu. Alimtuma Park, mchezaji wa pembeni mwenye pumzi isiyokwisha, akamweka katikati, nyuma ya Wayne Rooney. Pirlo alipojivuta kushoto kutafuta mpira, Park alikuwa naye. Alipojaribu kurudi karibu na mabeki wake, Park alipanda naye. Mabeki wa Milan walipoinua vichwa walimwona kiongozi wao ana mtu kila mara, wakatafuta njia nyingine, na njia nyingine haikuwepo. Alessandro Nesta, beki aliyekuwa na utulivu wa kuanzisha mashambulizi, hakuanza mechi hiyo. Waliomzunguka Pirlo, Massimo Ambrosini na Mathieu Flamini, walikuwa watu wa kuutafuta mpira, si wa kuugawa.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Park mwenyewe alifunga bao la tatu. Na hapa ndipo njia hii inapofaa kupimwa. Mkabaji wa mtu kwa mtu akiwa mchezaji wa mbele, mpira unaponyang'anywa yeye tayari yuko katika eneo la hatari, na sasa ni Pirlo anayelazimika kumfuata. Milan ililipa mara mbili: ilikosa mchezeshaji ilipokuwa na mpira, na ilikuwa na mkabaji mzito ilipoupoteza. Tena United ilikuwa imeshinda 3-2 San Siro katika mechi ya kwanza, kwa hiyo Milan ndiyo iliyolazimika kufungua mchezo, jambo lililomfanya Park apate nafasi zaidi za kukimbia. Pirlo alilalamika kuhusu kazi ile katika kitabu chake cha maisha kilichotoka 2013, jambo linaloonyesha jinsi ilivyomuuma.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mkabaji hana tena hiari ya kwenda popote. Mchezeshaji mwerevu akishaijua hali hiyo, anaweza kutembea kuelekea pembeni bila nia yoyote ya kupokea mpira, akamvuta mkabaji wake, na kuiacha katikati tupu. Pirlo alifanya hivyo Juventus: akisogea ubavuni, Leonardo Bonucci alipata uwazi wa kupiga pasi ndefu kutoka nyuma kwa mguu uleule laini. Anayehesabu pasi za Pirlo peke yake katika mechi kama hiyo atasema amezimwa, kumbe anachezesha bila kuugusa mpira.

Njia ya pili: kufunga njia ya mpira

Makocha wengi wa leo hawapendi kumfuata mchezeshaji. Wanapendelea asipewe mpira kabisa. Mshambuliaji anasimama mita chache mbele ya mchezeshaji, kwenye mstari kati yake na beki mwenye mpira, na anamsogelea beki huyo akikimbia kwa mkato ili njia ya katikati ibaki imezibwa na mwili wake. Mtu mmoja anafanya kazi mbili: anamsumbua beki na anamficha mchezeshaji.

Faida yake ni kwamba hakuna anayetoka mahali pake, na timu inabaki na umbo. Lakini inadai nidhamu kubwa kwa mtu ambaye kazi yake ya asili ni kufunga mabao, na inavunjika kwa pasi ya mtu wa tatu. Beki anampa kiungo wa pembeni au mshambuliaji aliyeshuka, na huyo kwa mguso mmoja anamrudishia mchezeshaji, ambaye sasa amepokea akiwa ametazama mbele, nyuma ya mgongo wa yule aliyekuwa anamficha. Ukitaka kujua kama mtego umeshindwa, usitazame mchezeshaji amegusa mpira mara ngapi. Tazama ametazama wapi alipoupokea. Akiupokea akiwa na uso kwa kipa wake na kuurudisha, mtego unafanya kazi hata kama ana pasi 80.

Kuna kocha anayekwenda mbele zaidi na kuacha njia wazi makusudi. Mpira unapigwa kwa mchezeshaji aliyegeukia goli lake, na kabla hajaufikia, kiungo wa mbele amekwisha kuchomoka. Tottenham walifanya kitu cha namna hii tarehe 24 Novemba 2018 uwanjani Wembley. Mauricio Pochettino alimweka Dele Alli juu ya viungo wengine, macho yake kwa Jorginho wa Chelsea. Chelsea ya Maurizio Sarri, iliyokuwa haijafungwa kwenye ligi msimu huo, ilichapwa 3-1. Alli alifunga la kwanza kwa kichwa, na la tatu ndilo lililobaki vichwani mwa watu: Son Heung-min alimpita Jorginho kwa kasi upande wa kulia, akampita na David Luiz, akafunga. Ule ulikuwa udhaifu wa nafasi nzima ukiwa wazi katika sekunde chache, tena N'Golo Kanté, mtu ambaye angemfidia kwa mbio, alikuwa amesogezwa kulia na mbele ili Jorginho akae katikati.

Hatari ya kuchomoka ni kuchelewa. Ukifika nusu sekunde baada ya mpira na mchezeshaji akageuka, umeacha pengo ulikotoka, na anakabili mabeki wako akiwa na watu wengi kuliko ulio nao.

Njia ya tatu: kumwacha acheze

Ipo njia ambayo watu huiona kama woga, lakini nayo ina hoja. Mwache mchezeshaji awe na mpira, wewe kaa chini, funga kila mahali anapotaka kuupeleka. Pasi ya mita 40 haina thamani kama anayekimbia kuipokea amebanwa na mabeki wawili na nyuma yao hakuna uwazi.

England waliingia katika hali hiyo tarehe 24 Juni 2012 mjini Kyiv, robo fainali dhidi ya Italia, ingawa sidhani kama walipanga iwe hivyo kabisa. Roy Hodgson alicheza na watu wawili katikati, Steven Gerrard na Scott Parker, dhidi ya wanne wa Cesare Prandelli: Pirlo chini, De Rossi na Marchisio ubavuni, Montolivo juu yao. Rooney ndiye aliyekuwa karibu zaidi na Pirlo, na jinsi muda ulivyokwenda alizidi kuwa mbali naye. Pirlo alitawala mechi kama alivyotaka. Na bado dakika 120 ziliisha 0-0.

Hapo ndipo wachambuzi hugawanyika. Mtetezi wa njia hii atasema: Italia haikufunga bao, basi mpango ulifaulu, penalti ni bahati. Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyopewa, kwa sababu timu dhaifu inayokwenda penalti imejipa nafasi ambayo kwa mpira wa wazi isingeipata. Lakini inasahau gharama. De Rossi aligonga mwamba, Diamanti naye, na bao la Nocerino lilikataliwa kwa kuotea. Wachezaji wa England walikimbia kufuata mpira kwa saa mbili, na kila walipoupata miguu haikuwa na nguvu ya kuutunza. Kisha mtu aliyeachwa acheze akapiga penalti ya kuchopa katikati, kipa Joe Hart akiwa ameruka upande, wakati Italia ilikuwa nyuma katika penalti. Ashley Young akagonga mwamba baada ya hapo, Ashley Cole akapanguliwa, Italia ikapita 4-2.

Warszawa: dawa ya Ferguson mkononi mwa mwingine

Siku nne baadaye Joachim Löw, aliyeuona mchezo wa Kyiv kama kila mtu, aliamua Pirlo asiachwe. Marco Reus, aliyeanza upande wa kulia dhidi ya Ugiriki, alikaa benchi, na Kroos akaanza. Kwenye karatasi Kroos alikuwa wa kulia, lakini kazi yake ilimwingiza katikati kwa Pirlo. Mesut Özil naye, akikuta katikati pamejaa, alivutwa kulia mara kwa mara. Jérôme Boateng, beki wa kulia, akabaki bila mtu wa kudumu mbele yake.

Tazama mabao yalivyokuja. Dakika ya 20, Giorgio Chiellini, aliyecheza beki ya kushoto, alimpa Antonio Cassano mpira upande uleule wa Boateng. Cassano aligeuka, akamponyoka Mats Hummels, akainua krosi, na Mario Balotelli akaipiga kichwa. Dakika ya 36, Riccardo Montolivo alipiga mpira mrefu kutoka nusu ya Italia, Balotelli akawa nyuma ya mabeki peke yake, akapiga shuti kwenye kona ya juu. Bao la kwanza lilipita mahali ambapo Kroos alitakiwa kuwa kama angekuwa winga. La pili lilitoka kwenye mguu wa kiungo mwingine mwenye pasi ndefu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumpa mtu.

Löw aliirekebisha timu wakati wa mapumziko kwa kumwingiza Reus na Miroslav Klose, lakini Özil alifunga penalti tu, dakika za nyongeza.

Kosa halikuwa kumwogopa Pirlo, maana Kyiv ilitosha kumwogopesha yeyote. Kosa lilikuwa kuamini kwamba Italia ya 2012 ilikuwa na mlango mmoja kama Milan ya 2010. Italia hii ilikuwa na Montolivo na De Rossi, ambao wote waliweza kuanzisha mchezo, na Bonucci nyuma yao. Mkabaji wa Pirlo aliokoa kidogo na kugharimu upande mzima.

Munich: kufunga milango yote

Jibu kamili zaidi lilitolewa na Bayern ya Jupp Heynckes tarehe 2 Aprili 2013, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Juventus. David Alaba alifunga kwa shuti la mbali kabla dakika moja haijaisha, na Thomas Müller akaongeza kipindi cha pili. Mario Mandžukić, mshambuliaji wa kati, alishuka mara kwa mara kuwa karibu na Pirlo. Kroos aliumia mapema na kutoka, na Müller akasogezwa katikati, lakini mpango haukuyumba, kwa kuwa haukuning'inia kwa mtu mmoja. Bonucci na wenzake walipokuwa na mpira, wachezaji wa pembeni wa Bayern walikuwa wameshawakaribia, na nyuma yao Schweinsteiger na Luiz Gustavo walikuwa tayari kwa Vidal na Marchisio. Mabeki wa Juventus walijikuta wakipiga mipira ya juu kwa Matri na Quagliarella, ambao hawakuwa wa kuishindania na Dante na Van Buyten. Turin nako Bayern ilishinda 2-0.

Ingekuwa rahisi kusema kila kocha afanye kama Heynckes. Tatizo ni kwamba mpango ule unadai wachezaji kumi wenye mapafu na mabeki wanaoweza kukaa juu karibu na mstari wa kati bila kuogopa mpira wa nyuma yao. Timu yenye beki wa kati mzito ikijaribu, pasi moja ya Pirlo inayomfikia mtu anayekimbia inatosha kuimaliza. Bayern ilitwaa mataji matatu msimu huo. Nguvu hiyo hainunuliwi kwa mbinu ya wiki moja.

Mizani

Kwa hiyo swali ambalo kocha anapaswa kulijibu kabla ya kuchagua njia halimhusu mchezeshaji mwenyewe. Linahusu nani ataushika mpira akizuiwa. Kama jibu ni beki asiyeweza kupiga pasi ya mita 20 mbele, basi kumpa mchezeshaji mtu wake ni akili, na ndivyo Ferguson alivyoisoma Milan. Kama nyuma yake kuna Bonucci na mbele yake kuna Montolivo, mkabaji mmoja ni hasara, na afadhali kufunga njia za mpira huku umbo likibaki. Timu dhaifu zaidi, ambayo haina mapafu ya kukabia juu, ina haki ya kukaa chini na kumwacha, mradi ijue kwamba inahitaji angalau mtu mmoja wa mbele wa kuutunza mpira ili wenzake wapumue. England hawakuwa naye siku ile.

Makocha wa upande wa pili nao walijifunza. Pep Guardiola hakumwacha Rodri peke yake mbele ya mabeki. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Istanbul, tarehe 10 Juni 2023, John Stones alitoka kwenye safu ya ulinzi na kuingia kati ya viungo, akipokea mpira mbele ya mabeki kama Rodri na wakati mwingine juu yake. Washambuliaji wawili wa Inter, Lautaro Martínez na Edin Džeko, hawakuweza kuziba njia ya kila mmoja na wakati huohuo kuwasumbua mabeki. Inter ilijitetea kwa ukakamavu mkubwa, lakini dakika ya 68 mpira ulirudi nyuma kutoka kwenye mstari wa goli, na Rodri, ambaye alikuwa amepanda mpaka ukingoni mwa eneo la penalti bila mtu wa kumfuata, akaupiga kwa utulivu na kuipa Manchester City ushindi wa 1-0.